Maji Yakichemshwa Mara ya Pili Yanaharibu Kahawa? Oksijeni Imesingiziwa, Mwenye Makosa ni Mwingine

Kuna stori imezunguka sana siku hizi, hasa tangu wasee wa mtaa waanze kununua kahawa ya kusaga badala ya ile ya kijiko na maji moto. Inasema hivi: ukichemsha maji, yapoe, halafu uwashe birika tena, kahawa yako imekufa. Ati oksijeni imeisha, maji yamekuwa "bapa", na kikombe kitaonja kama maji ya kuoshea sufuria. Kwa hivyo mtu anamwaga maji ambayo bado yako moto, anajaza mengine baridi, anachoma tokeni upya. Huku Mutuini, ambapo kuna siku mfereji haukohoi hata tone na mtungi unanunuliwa, kumwaga lita moja ya maji safi ni uamuzi wa pesa.

Tuangalie hiyo oksijeni vizuri, kwa sababu kuna sehemu ya stori ni kweli na sehemu ni stori za jaba.

Ukweli ni kwamba maji baridi hubeba hewa ndani yake. Haionekani, imeyeyuka tu kama sukari ilivyoyeyuka kwa chai. Maji ya mfereji yakiwa nyuzi 20 hapa kwetu juu hubeba miligramu 7 na kitu za oksijeni kwa kila lita. Kule Mombasa, ambako hewa imekandamiza zaidi, yangebeba kama 9. Ukianza kuyapasha, ule uwezo wa kushika hewa unashuka. Ndio maana sufuria ikiwa bado haijachemka, ukiangalia kwa makini, unaona vitone vidogo vya hewa vimeng'ang'ania chini na pembeni. Watu wengi hudhani hapo maji yameanza kuchemka. Bado. Hiyo ni hewa inahama keja, na inahama mapema kabisa, kabla hata birika haijaanza kupiga kelele.

Maji yakifika kuchemka, mvuke umejaa kila mahali na oksijeni karibu yote imeenda. Hapa ndipo hesabu ya ile stori inavunjika. Imeenda mara ya kwanza. Kahawa yako ya "maji mapya" imetengenezwa na maji ambayo hayana oksijeni, kwa sababu huwezi kupata maji ya kuchemka yenye oksijeni popote duniani. Ukichemsha mara ya pili, hakuna kitu kikubwa kimebaki cha kufukuza. Yule wa maji mapya na yule wa maji ya jana, wakimimina juu ya kahawa, wote wawili wanamimina maji yaliyokaushwa hewa kwa kiwango karibu sawa.

Unaweza kuona hii kwa macho yako, bila mashine yoyote. Chukua sufuria safi, weka maji ya mfereji, washa gesi moto mdogo. Hesabu vile vitone vya pembeni. Chemsha, zima, funika, subiri yapoe kidogo tu, halafu washa tena. Mara ya pili vile vitone vya mapema ni vichache sana, maji yanakaa kimya halafu yanaruka kuchemka ghafla. Sasa mimina hayo maji kutoka sufuria moja hadi nyingine mara kadhaa yakishapoa kabisa, uyaache wazi usiku mzima, halafu uyapashe asubuhi. Vitone vimerudi. Hewa imeingia tena yenyewe, bure, bila kuombwa.

Hiyo ndiyo sehemu ya kweli ya stori, na inahusu maji ya kunywa. Maji yaliyochemshwa yakapozwa kwenye mtungi uliofunikwa huwa na ladha ya kulala. Shosho wengi wanajua dawa yake: unayamimina kutoka kikombe hadi kikombe na yanaamka. Lakini hayo ni maji baridi. Mtu alichukua ukweli wa maji baridi akaupachika kwa kahawa moto, na ukakaa hapo.

Tena kama oksijeni ingekuwa rafiki wa kahawa, mbona pakiti nzuri za kahawa zina kale kashimo kenye vali, kanatoa gesi nje lakini hakaruhusu hewa kuingia? Ni kwa sababu oksijeni ndiyo huchakaza kahawa. Inaingia kwa yale mafuta ya kahawa iliyosagwa na baada ya wiki kadhaa kikombe kinaonja kadibodi. Kulilia oksijeni kwa kahawa ni kama kumwalika mwizi akulindie duka.

Sasa, kuna msee atasema, "Lakini mimi nimeonja tofauti." Namwamini. Tofauti anayoonja ipo, ila kwa sehemu kubwa ni ya joto.

Maji huchemka nyuzi 100 pale usawa wa bahari. Nairobi sio Mombasa. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner kiko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na ukitoka hapo kuelekea Waithaka na Mutuini unazidi kupanda. Huku hewa ni nyepesi, kwa hivyo maji huchemka mapema, kwenye nyuzi 94 hivi. Hata uyachemshe mpaka kesho, hayatapita hapo, yatageuka tu mvuke. Na wataalamu wa kahawa wanapendekeza kumimina maji yakiwa kati ya nyuzi 90 na 96. Yaani sisi maji yetu yanachemka yakiwa tayari ndani ya kipimo. Bahati ya mlima hiyo.

Lakini maelekezo mengi yanayosomwa mtandaoni yameandikwa na watu wanaoishi karibu na bahari. Wanakuambia chemsha, halafu subiri nusu dakika au dakika nzima ndio umimine, usiunguze kahawa. Kwao inaleta maana, wanashuka kutoka 100. Wewe ukisubiri huku Mutuini asubuhi ya Julai, kibaridi kinapita chini ya mlango, birika la plastiki liko wazi, halafu umimine kwa kikombe baridi cha udongo, unajikuta kwa nyuzi 80 na kitu. Kwa joto hilo maji yanashindwa kuvuta utamu wote kutoka kwa unga. Unapata kahawa nyembamba, chachu, inayokatika mdomoni. Halafu lawama inaenda kwa oksijeni.

Na yule anayeogopa kuchemsha mara ya pili ndiye anaumia zaidi, kwa sababu anatumia maji ya thamosi. Mathe alichemsha saa kumi na mbili asubuhi, saa nne maji bado "yako moto", mtu anamimina. Moto kwa mdomo na moto kwa kahawa ni vitu viwili tofauti. Hayo maji yarudishe kwa birika, yachemke, mimina hapo hapo bila kungoja. Kuchemsha tena, kwa kesi hii, ndiko kunakookoa kikombe.

Bei pia iko upande huo. Kutoa lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 94 kwa birika la stima hula kama sehemu moja ya kumi ya yuniti, yaani yuniti moja ya tokeni inakuchemshia karibu lita kumi. Ukiwa na maji ya nyuzi 75 na unataka kuyarudisha 94, unalipa kama robo ya hiyo. Anayemwaga ya moto akaanza na ya baridi analipa mara nne ya stima, na mtungi juu.

Kabla hatujaenda mbali, kuna watu wanachanganya vitu viwili: kuchemsha maji tena na kuchemsha kahawa tena. Hiyo ya pili ni noma kweli. Kahawa iliyokwisha kutengenezwa ikikaa kwa moto, asidi zake zinavunjika kuwa nyingine zenye ukali wa kukwaruza koo, na harufu yote inapanda na mvuke. Wale wauzaji wa kahawa chungu wenye birika juu ya makaa wanajua hilo vizuri, ndio maana kuna tangawizi ya nguvu na kile kikombe ni kidogo. Ni kinywaji kingine kabisa na kina wapenzi wake, mimi nikiwa mmoja usiku wa baridi. Lakini usichukue ladha ya kahawa iliyokaa motoni ukaitumia kama ushahidi dhidi ya maji.

Haya, kama sio oksijeni, kuna kitu chochote kinachobadilika maji yakichemka tena na tena? Kipo. Madini.

Mvuke ukiondoka, unaondoka kama maji matupu. Chumvi zote zinabaki nyuma. Kwa hivyo kila kuchemsha kunafanya kilichobaki kiwe kizito kidogo. Swali ni kidogo kiasi gani, na hilo linaweza kupigwa hesabu. Birika la kawaida la wati 1,800 likishafika kuchemka hupeperusha kama gramu 0.8 za maji kila sekunde. Likijizima lenyewe baada ya sekunde 15 hivi, umepoteza gramu 12, yaani vijiko viwili na ushee vya chai, kutoka lita nzima. Ni asilimia 1 na kidogo. Rudia mara tano, uko kwa asilimia 6. Hakuna ulimi utakaoshika hiyo kwa kahawa.

Ila sasa jaribu kuchemsha kifuniko kikiwa wazi. Hapa kuna kitu watu wengi hawajui kuhusu birika la stima: halijizimi kwa kuhisi kwamba maji yamefika nyuzi 100. Lingekuwa hivyo, mabirika ya Nairobi yasingejizima hata siku moja, kwa sababu hatufiki huko. Kuna njia ndogo inayopeleka mvuke hadi karibu na mkono wa birika, na hapo kuna kibati cha metali mbili zilizogandana. Mvuke ukikipiga, kinajikunja ghafla na kurusha swichi. Kifuniko kikiwa wazi, mvuke unapaa darini, kibati kinakaa baridi, na birika linaendelea kuchemsha kama halina akili. Dakika kumi za hivyo na karibu nusu lita imepotea. Ulianza na lita moja, umebaki na nusu, na chumvi zote ni zile zile. Zimejikusanya mara mbili.

Hapo ndipo inakuwa muhimu kujua maji yako yametoka wapi. Mutuini na mitaa jirani hatunywi maji ya aina moja. Ya mfereji wa jiji kwa sehemu kubwa hutoka milima ya Aberdare kupitia mabwawa kama Ndakaini na Sasumua. Hayo ni maji laini, chumvi chache, na kwa kahawa ni mazuri. Shida yake kubwa ni harufu ya klorini siku nyingine, na hiyo kuchemsha kunaiondoa. Ukisikia harufu ya dawa ya bafu kwa birika, kuchemsha mara mbili kunakusaidia.

Lakini mfereji ukikauka, mkokoteni au lori huja na maji ya kisima kirefu cha pampu. Maji ya chini ya Nairobi yamekaa ndani ya miamba ya volkano kwa muda mrefu, na mara nyingi yamejaa bikaboneti ya sodiamu, ambayo ni ndugu ya ile magadi ya kulainisha githeri. Magadi huua asidi. Na asidi ndiyo roho ya kahawa ya Kenya.

Hii inauma zaidi ukijua tuko wapi. Ng'ambo tu, Kabete, ndiko zilikokuwa Maabara za Scott, ambako miaka ya 1930 walichagua mbegu za SL28 na SL34. Hizo herufi SL ni jina la maabara. Ndizo zilizofanya kahawa ya Kenya ijulikane ulimwenguni kwa ule uchachu mtamu, kama tunda. Dunia nzima inalipa doh nzuri kwa ajili ya huo uchachu. Halafu sisi, tulio karibu na pale mbegu ilipochaguliwa, tunamimina maji yenye magadi juu yake, uchachu unazimwa, na kikombe kinaonja maharagwe yaliyokolezwa. Mtu anaonja anasema, "Maji yamechemshwa sana." Hapana boss, ni maji ya kisima.

Na kuchemsha hakutoi hayo magadi. Kuna aina ya maji magumu, yenye kalsiamu, ambayo yakichemshwa huacha ukoko mweupe ndani ya birika na yenyewe kubaki laini kidogo. Kwa hayo, kuchemsha mara ya kwanza tayari kumefanya kazi. Ya sodiamu hayaachi ukoko wa maana, yanabaki hivyo hivyo. Kwa hivyo usidanganyike na birika linalong'aa ndani.

Jinsi ya kujua bila maabara ni rahisi. Tengeneza chai ya rangi vikombe viwili, majani kiasi kile kile, dakika zile zile, kimoja kwa maji ya mfereji na kingine kwa maji ya mkokoteni. Ya kisima chenye magadi itatoka nyeusi zaidi, imepooza, haina ule wekundu. Ukidondosha limau kidogo, inachangamka rangi. Dalili nyingine ni kuoga: sabuni haitaki kutoka, ngozi inateleza teleza.

Ukishajua, suluhisho ni kuchanganya. Nusu ya kisima na nusu ya mvua iliyokingwa kwa mabati (ukishaacha ile ya kwanza ioshe vumbi na mavi ya ndege) na kuchemshwa, inapunguza magadi kwa nusu, na kahawa inarudi kuongea. Ama weka mtungi mmoja wa mfereji pembeni kwa ajili ya kahawa na chai tu.

Kuna kitu kingine ndani ya baadhi ya visima vyetu ambacho ni kikubwa kuliko ladha: floraidi. Ndiyo ile inayoacha meno ya watoto na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa kupiga mswaki. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuna wazazi wanaochemsha maji ya kisima muda mrefu sana wakiamini wanayasafisha. Wadudu wanakufa, ndiyo, na hilo ni la maana. Lakini floraidi haipandi na mvuke. Chukua maji yenye miligramu 1 kwa lita, yako salama. Yaache kwa sufuria wazi mpaka yabaki nusu, sasa ni miligramu 2 kwa lita, umevuka. Birika linalojizima haliwezi kukufikisha huko kwa kuchemsha mara mbili au tatu. Sufuria inayochemka saa nzima juu ya jiko inaweza. Kuua wadudu, maji yakishabubujika sawasawa dakika moja yanatosha. Kwa sababu ya mwinuko ongeza mbili za usalama, weka kifuniko, zima.

Kama bado hujashawishika kuhusu kahawa, usibishane na mtu kwenye grupu, fanya jaribio ambalo haliwezi kudanganywa. Weka vikombe vitatu vinavyofanana. Viwili vina kahawa ya maji ya kuchemshwa mara moja, kimoja mara tatu, ama kinyume chake. Gramu 12 za kahawa kwa mililita 200, dakika nne, na maji yote yamiminwe yakiwa yanabubujika. Hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau, halafu wanalinganisha maji ya 94 na ya 82 wakidhani wanapima oksijeni. Beshte mmoja apange vikombe wewe ukiwa nje, aandike alama chini. Kazi yako ni kutaja kile cha tofauti. Rudia mara sita. Kubahatisha tu kutakupa viwili hivi, na ukiwa na bahati vitatu au vinne. Ukipata vitano au sita, basi kuna kitu umeonja kweli na mimi nitakuheshimu. Kisha rudia jaribio hilo hilo, safari hii kwa maji ya mfereji dhidi ya maji ya mkokoteni, uone itakuchukua vikombe vingapi kutaja cha tofauti.